Kumsubirisha Bwana von Sick

Wapo waliosifu upanga, wapo waliosifu ngamia na tambuu, na wapo waliofikia hata kumsifu kunguni kwa uaminifu wake wa kutomhama mwenyeji. Lakini sijapata kusikia mtu mwenye akili timamu aliyeketi chini, akashika kalamu, akaisifu kanuni ya kupanga majina ya waandishi kwa abjadi, kanuni ambayo haina sura wala sauti, haimshibishi mwenye njaa, na aghalabu humfanya mtu aliyekuja kuazima kitabu arudi kwao mikono mitupu ilhali kitabu kiko dhiraa mbili kutoka pale aliposimama. Kwa kuwa wenye ufasaha wameidharau, naichukua kazi hiyo mimi, nisiye na ufasaha, kwa sababu moja tu: hapa Unyambwa, nje kidogo ya mji wa Singida, mimi ndiye niliyepewa ufunguo wa chumba cha vitabu kilichokuwa ghala la alizeti, pamoja na sanduku la droo nne na kadi tupu zisizozidi mia tano, nikaambiwa kwa wepesi mkubwa kwamba kazi iliyobaki ni ya kitoto: andika jina la mwandishi, kisha panga A mpaka Z.

Fadhila ya kwanza ya kanuni hii ni kwamba haijui kunyenyekea. Kadi ya kwanza niliyoiandika ilikuwa ya nakala chakavu ya makala ndefu ya Kijerumani juu ya Wanyaturu, iliyochapwa mwaka 1915 katika jarida la Baessler-Archiv, na mwandishi wake ni Eberhard von Sick. Kwa adabu niliyolelewa nayo nilimweka chini ya V, nikidhani kwamba neno von, ambalo kwa Wajerumani aghalabu ni alama ya nasaba ya kibwana, ndilo linalostahili kutangulia, kama vile kwetu Sheikh au Mtemi atanguliavyo jina. Kanuni ikanicheka. Kwa mwandishi wa Kijerumani, von haihesabiwi: huvuliwa mlangoni kama viatu, ikawekwa nyuma ya jina lote, na kadi husomeka “Sick, Eberhard von”, chini ya S, baina ya watu ambao pengine babu zao hawakuwahi kumiliki hata punda. Jenerali wa vita vya 1914 hadi 1918, aliyechapisha kumbukumbu zake za Afrika Mashariki mwaka 1920, hakupata heshima zaidi: naye ni “Lettow-Vorbeck, Paul von”, na anayemtafuta katika V hatamwona, wala si kwa von wala si kwa Vorbeck. Majeshi ya madola matatu yalimtafuta miaka minne yasimkamate; sioni ajabu mwanafunzi akimtafuta robo saa.

Lakini usije ukadhani kwamba umekwisha kuijua kanuni kwa sababu umeijua kwa Mjerumani, maana hapo ndipo ilipoficha hekima yake. Mholanzi wa Uholanzi huachiwa van yake nyuma, kama Mjerumani. Lakini Kaburu wa Afrika Kusini mwenye van ile ile, iliyotoka katika merikebu ile ile, hupangwa chini ya V, kwa kuwa huko imekwisha kuwa mwili mmoja na jina. Mwingereza mwenye kiambishi cha namna hiyo huhesabiwa nacho, na mtoto wa Mjerumani aliyehamia Amerika, akaandika kwa Kiingereza, hurudishiwa von yake mbele. Kwa hiyo mkutubi mbele ya herufi tatu hana budi kwanza kuuliza mtu huyu aliandika kwa lugha gani, na ni raia wa wapi, maswali ambayo mahali pengine huulizwa na afisa wa uhamiaji peke yake. Na mimi, ambaye sijapata kuvuka mpaka wowote, nimeulizia uraia wa watu wengi kuliko afisa huyo.

Baada ya wageni nikafika kwa wenyewe, nikidhani nimefika nyumbani, kumbe nimefika msituni. Kanuni zilizoandikwa Ulaya husema: chukua jina la mwisho, ndilo la ukoo. Katika nchi yetu jina la mwisho mara nyingi si la ukoo hata kidogo. Ni la babu tu. Tuseme yuko Juma Ali Hamisi, ambaye amezaa mtoto akamwita Saidi, na mtoto akaandikwa Saidi Juma Ali: wote wawili wakitunga vitabu, baba atalala katika H na mwana katika A, nao wakiwa wanakula sinia moja. Waethiopia na watu wa Aisilandi wameikwepa balaa hiyo kwa kumpanga mtu chini ya jina lake mwenyewe, la kwanza, kwa hoja kwamba jina la baba ni maelezo, si jina. Na nakiri kwamba siku moja, nikiwa nimechoka, nilitamani sanduku langu lihamie Addis Ababa.

Jaribio kubwa lilikuwa Shaaban Robert. Robert lilikuwa jina la baba yake, na mwenyewe wakati mwingine aliitwa Shaaban bin Robert; lakini kwa mpangaji wa ng’ambo Robert lina sura ya jina la ukoo, kwa hiyo akipangwa kwa jina la mwisho bingwa wetu wa Tanga hukaa pamoja na akina Robert wa Uskoti na Ufaransa, akiwangojea wamalize mazungumzo yao. Mimi nilimpanga chini ya S, Shaaban, kwa kuwa hapa hakuna mtoto anayekuja kuomba “kitabu cha Robert”, kisha katika R nikatia kadi ndogo yenye maneno haya tu: “Robert, Shaaban. Tazama Shaaban Robert.” Hata hivyo sikuwa nimemaliza, maana bin ilikuwa bado inanitazama. Ukiihesabu bin kama neno, basi Shaaban bin Robert atakaa mbele, katika B ya neno la pili, na Shaaban Robert nyuma sana, katika R, na akitokea Shaaban Juma atapenya katikati, mtu mmoja akatengwa na nafsi yake kwa kiambaza cha mtu mwingine. Nikakata shauri kwamba katika sanduku letu bin na binti zilizo katikati ya jina huandikwa lakini hazihesabiwi, nikaandika hukumu hiyo katika kadi nyekundu na kuitia mbele ya droo ya kwanza, kwa sababu hukumu isiyoandikwa huondoka na aliyeitoa.

Atakayeniuliza kwa nini basi Nyerere yuko katika N, ilhali Nyerere nalo ni jina la baba, yaani Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, nitamjibu kwamba yeye na wanawe walilishika jina hilo mpaka likageuka kuwa la ukoo, na watu wote humtafuta hapo. Ni jibu dhaifu, lakini halijapata kumpoteza msomaji.

Juu ya al nitasema kidogo, kwa kuwa ni kiambishi chenye staha: katika nisba kama al-Buhriy na al-Mazrui huandikwa lakini hupuuzwa, na kadi hukaa katika B na M. Hatari yake ni kijana mwenye bidii. Niliwahi kusaidiwa na mmoja ambaye, alipokwisha kufahamishwa kwamba al haihesabiwi, aliiondoa kila alipoiona, na jioni nikamkuta Alidina katika I na Ali hana mahali. Mashine nayo si mwerevu kuliko kijana huyo: ukiiachia ipange kwa thamani tupu za alama, herufi zote kubwa hutangulia zote ndogo, ndiyo maana orodha niliyoletewa kutoka mjini ilikuwa na von Sick na al-Buhriy mwishoni kabisa, baada ya Zanzibar. Ukiona v ndogo na a ndogo zimekaa mkiani namna hiyo, usiwatafute wezi. Aliyeandika hakuambiwa kuligeuza jina kabla ya kulitia.

Na kistari! Nani atakisifu kistari inavyostahili, kijiti kile kifupi kinachounga majina mawili na kugombanisha wapangaji wawili? Katika waandishi watatu wa wasifu mkubwa wa Mwalimu uliotoka mwaka 2020 yumo Saida Yahya-Othman, na sheria iko wazi kwamba hukaa katika Y, si katika O, kwa kuwa jina lenye kistari ni moja na huanza linapoanza. Ugomvi huzuka baadaye. Wako wanaokihesabu kistari kuwa nafasi, wakapanga neno kwa neno, na kwao Yahya-Othman, ambaye neno lake la kwanza linaishia kwenye a, humtangulia al-Yahyai wa Omani. Na wako wanaopanga herufi kwa herufi kana kwamba kistari hakipo, na kwao al-Yahyai hutangulia, kwa kuwa i iko kabla ya o. Pande zote mbili zina haki. Asiye na haki ni yule afanyaye hivi leo na vile kesho, na dalili ya sanduku lililopangwa naye ni kwamba kitabu hupatikana kwa aliyekitia, wala si kwa mwingine.

Mashirika nayo huandika vitabu, ingawa hayana mikono. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 mwandishi wake ni Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo kila mtu huiita TUKI, na ambayo mwaka 2009 iligeuka kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, yaani TATAKI. Kwa kuwa lugha yetu hutanguliza aina ya kitu kabla ya kukieleza, taasisi zote hukusanyika katika T, mabaraza yote katika B, wizara zote katika W, na droo hujaa upande mmoja kama jahazi lililopakiwa na mlevi. Baraza la Kiswahili la Taifa na Baraza la Kiswahili la Zanzibar hutembea pamoja neno kwa neno, yakaachana kwenye neno la mwisho. Jina kamili ndilo nililolipanga, na vifupisho nikavitilia kadi za “Tazama”. Ila nilipozisimamisha zile taasisi mbili bega kwa bega nikaona Taaluma imemtangulia Uchunguzi, mtoto amekaa mbele ya mzazi, wala hapana wa kumkemea.

Juzi alikuja mzee mmoja wa hapa, na baada ya “shikamoo” na “marahaba” akatoa katika mfuko wa koti daftari lililoandikwa kwa mkono, juu ya jinsi watu walivyokuwa wakigawana mashamba na ng’ombe, akaniomba niliweke pamoja na vitabu. Juu ya jalada palikuwa na jina moja tu, pasipo la baba wala la babu.

“Mzee, jina la pili niandike nini?”

“La pili la nini, mwanangu? Hapa kuna asiyenijua?”

Kwa mwenye jina moja kanuni ina neno fupi: utupu hutangulia kitu. Jina lililo peke yake hukaa mbele ya wote walioanza na jina hilo hilo kisha wakaongeza. Niliandika kadi, nikavuta droo, nikawasukuma nyuma wenye majina mawili na matatu, nikaitia mbele yao. Mzee aliinama akaitazama, akauliza yule Mjerumani aliyeandika habari zetu amekaa wapi. Nikamwonyesha droo ya chini, katika S, von ikiwa imening’inia mkiani. Akaomba asomewe kadi hiyo mara mbili.