Jinsi ya Kuwaachia Viwavi Wale Bila Kuaibika

Sogea karibu, mwanafunzi, nikufundishe uvivu wenye akili. Ekari ya mahindi ina mashina yapata 18,000, na kiwavijeshi vamizi ameingia. Huwezi kuyakagua yote. Kagua 50 tu.

1. Ingia asubuhi, ruka mistari ya pembeni, utembee kwa umbo la herufi W. Simama mara tano, kila kituo mashina kumi yanayofuatana. Jicho lako linapenda shina lililotoboka, kwa sababu kila mtu hupenda kuonekana amegundua jambo. Linyime nafasi: hesabu hatua huku ukitazama mbele, zikitimia, anza na shina lililo karibu na mguu wako wa kulia.

2. Fungua moyo wa mmea. Ukikuta madirisha meupe kwenye majani machanga, au kinyesi kibichi kama vumbi la mbao, andika “limeshambuliwa”. Matundu ya zamani kwenye majani yaliyokwisha kufunguka, huku moyo ukiwa safi, usiyahesabu. Huyo mlaji keshaondoka, na ukimpigia dawa unalipia maziko yasiyo na maiti.

3. Sasa jifunze kushindwa kwa hesabu. Tuseme dawa na kibarua ni shilingi 30,000 kwa ekari, unatarajia kilo 1,000, na kilo inauzwa shilingi 500. Tuseme pia shina lililoshambuliwa hupoteza moja ya tano ya mavuno yake. Basi kila asilimia moja ya mashina yaliyoshambuliwa inakugharimu kilo mbili. Dawa ikiokoa asilimia 80 ya hizo, umeokoa kilo 1.6, yaani shilingi 800. Gawa 30,000 kwa 800: asilimia 37.5. Hicho ndicho kiwango cha hasara ya kiuchumi. Chini yake, waache wale; kuwafukuza ni ghali kuliko chakula chao.

4. Usingoje kiwango hicho kifike, maana kutafuta dawa na kibarua huchukua siku, na viwavi hawakusubiri. Weka kizingiti cha kuchukua hatua chini kidogo, tuseme asilimia 30. Ukipata mashina 13 kati ya 50, hiyo ni asilimia 26. Funga daftari, nenda nyumbani, rudi baada ya siku chache. Jirani akikuona hubebi bomba, mwonyeshe hesabu. Inapendeza kuliko bomba.

5. Kabla ya kuondoka, pima pia ukubwa wa viwavi. Wakubwa hujichimbia ndani ya moyo wa mmea na kuuziba kwa kinyesi, dawa isiwafikie. Ikiwa dawa itaokoa asilimia 40 tu badala ya 80, kila asilimia ya mashina inakurudishia shilingi 400, na kiwango kinapanda hadi asilimia 75. Shamba lile lile, bei ile ile, lakini umechelewa wiki moja, na sasa hata nusu ya mashina yakiwa yameliwa, dawa hailipi.