Bembea Isiyo na Bahari

Kesi ilifunguliwa mezani, wakati wa chai. Binti yetu mkubwa alituonyesha video kwenye simu: bembea ya mbao imefungwa kati ya nguzo mbili, katikati ya bahari ya Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Msichana anabembea, vidole vya miguu vinagusa maji ya rangi ya feruzi. Watu maelfu wameipenda. "Baba, likizo ya mwezi wa nane ni hapa au tubaki nyumbani."

Jioni nikamweleza jirani yetu, fundi friji, mzaliwa wa Pangani. Akauliza neno moja tu: "Mnakwenda mwezi ngapi?"

"Wa nane."

Akacheka. "Siulizi mwezi wa ukutani. Nauliza wa juu."

Tukahesabu kwa vidole. Siku yetu ya kwanza ya kuogelea ingekuwa mwezi kumi na tano. Akatikisa kichwa. "Bamvua hiyo. Njooni kwetu Pangani, mwende Maziwe." Akaendelea kufunga skrubu zake.

Binti akatafuta Maziwe simuni, akapata fungu la mchanga lisilo na hata mti mmoja. "Hapana kitu hapa," akasema, na kesi ikafungwa. Mama watoto alikuwa keshanunua mavazi ya kuogelea.

Tukapanda boti Dar, saa mbili baharini, kisha gari hadi Paje. Kesho yake saa nne asubuhi tukateremka ufukweni, watu sita, mataulo mabegani. Bibi, mama mkwe wangu, ndiye aliyesimama kwanza.

"Bahari yenu imekwenda wapi?"

Maji yalikuwa mstari mweupe mbali kule mwambani, mamia ya mita. Kati yetu na hayo maji, mchanga mbichi, vidimbwi, na kina mama waliokwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Bembea ilining'inia juu ya mchanga mtupu. Katika nguzo zake palikuwa na mstari mweusi wa mwani, juu ya kichwa cha mwanangu wa kiume: alama ya mahali maji yanapofika yakijaa. Tungeutafuta mstari huo kwenye video, tungejua kwamba hiyo bahari huenda na kurudi.

Binti alipanga foleni akapigwa picha. Nyuma yake alionekana mbuzi.

Mwenye kibanda cha madafu akatufafanulia. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndiyo siku za bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikifika kama mita nne. Upande huu wa pwani, siku hizo, hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri. Kila siku saa husogea mbele, kwa wastani dakika hamsini. Kwa hiyo siku ya tatu maji yalitujia kwenye bembea karibu na magharibi, wakati mtoto wetu mdogo kalala na migongo ya wengine imeungua kwa kungojea.

"Mngekuja wiki moja baadaye," akasema, "maji mafu. Saa nne bahari ingekuwa imejaa, na haiendi mbali sana."

Hapo nikaelewa kwamba ile video haikutudanganya. Imepigwa mahali pa kweli, bahari ya kweli. Ilikosa saa na siku tu, na picha haina mdomo wa kumuuliza mtazamaji anakwenda mwezi ngapi.

Desemba, mwezi kumi na tano tena, tukaenda Pangani, fundi akiwa nahodha wa mipango. Mashua ikatutoa asubuhi mapema, maji yakiwa yanashuka. Maziwe ni hifadhi tangu 1975, na wazee wa Pangani wanakumbuka mivinje yake na kasa waliotaga chini ya kivuli. Bahari imekila kisiwa hicho. Leo ni mchanga unaotokea maji yakipwa na kuzama yakijaa. Bamvua iliyotunyima Paje ndiyo iliyotupa mchanga mpana kuliko uwanja wa mpira, na maji ya kuogelea pande zote. Bibi akatembea nusu mzunguko, akakaa chini ya mwavuli kula muhogo wa kukaanga.

Karibu saa saba fundi akasema tufungashe. Mwanangu akabisha, mchanga bado mwingi. Alipogeuka, kiatu chake kimoja kilikuwa kinaelea.

Binti hakupiga picha hata moja ya kuweka mtandaoni. "Hakuna mti," akasema, "lakini nisipoweka, hapatajaa watu." Sasa ndiye anayehesabu mwezi wa juu kila likizo inapokaribia.