Karo ya Brian

Kuna wazazi hodari wa kulipa. Kwenye Paybill, panapoulizwa namba ya akaunti, badala ya namba ya usajili ya mtoto huandika "KARO YA BRIAN". Shilingi 15,000 zinaingia benki ya shule salama salimini, ila shule ina akina Brian tele, basi zinakaa bila mwenyewe. Brian anarudishwa nyumbani kufuata karo.

Baba anafika amefura: "Nimelipa!"

Mhasibu wa shule anamjibu: "Sawa mzee, nionyeshe ujumbe wa M-Pesa, wenye ule msimbo wa herufi na tarakimu kumi. Nikiupata, nazihamishia pesa hizo kwa Brian na kukupa risiti ya shule yenye salio."

Ujumbe? Aliufuta, simu ilikuwa imejaa. Video za harusi ya shemeji ndizo zilizohifadhiwa, zote.