Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Watu wa ofisini huidharau barua ya mzabuni. Huiacha kwenye trei mpaka ipinde pembe, au huigeuza upande wa pili wakaandikia hesabu za upatu. Mimi nimekaa uhasibu muda wa kutosha kusema bila woga kwamba barua ya ofa ya kufunga mwaka, ile inayotua mapokezi mwanzoni mwa Desemba, ndiyo maandishi yenye busara kuliko yote yanayoingia katika jengo letu, na hapo naihesabu pia taarifa ya mwaka ya mwenyekiti wa bodi.

Tazama kwanza adabu yake. Haianzi kwa kuuza. Inaanza kwa kusema husika na kichwa cha habari hapo juu, inatushukuru kwa ushirikiano wa mwaka mzima, hata kama ushirikiano wenyewe ulikuwa rimu tano za karatasi mwezi Aprili, inatutakia heri ya Krismasi na Mwaka Mpya, kisha kwenye aya ya tatu inashusha sauti: "Tunatambua kuwa huu ni wakati wa kufunga hesabu, na kwamba baadhi ya wateja wetu wangependa kukamilisha matumizi yao kwa wakati." Nani mwingine Dar es Salaam anatambua hilo? Mwenye jengo hatambui, anadai kodi tu. Benki haitambui. Hata wake na waume zetu hawatambui kwamba Desemba mtu anaweza kukosa usingizi kwa sababu pesa imebaki.

Maana imebaki, na hiyo ndiyo shida. Kasma ya idara haivuki Desemba. Usichokitumia kinarudi kwenye chungu cha kampuni, na mwakani unapangiwa kwa kipimo cha ulichotumia mwaka huu. Mkuu wa idara aliyebana matumizi tangu Januari, akazima viyoyozi saa kumi na moja na kukataa safari za Dodoma, anafika Desemba akiwa na jambo la kujieleza. Mwenzake wa ghorofa ya juu aliyemaliza kila senti anapita koridoni kifua mbele. Barua inamjia huyu wa kwanza kama rafiki. Haimuulizi alibana kwa nini. Inampa njia ya kutokea, na punguzo la asilimia 20 juu yake.

Mzabuni hodari hahitaji hata kuandika barua nyingi. Anayo moja, anabadilisha tarehe. Serikali inafunga mwaka wake wa fedha tarehe 30 Juni, miradi inayoishi kwa fedha za serikali ya Marekani inakwenda na kalenda ya huko, inayokwisha 30 Septemba, na kampuni nyingi binafsi hufunga 31 Desemba. Mkulima anayepata misimu miwili ya mvua anajiona amebarikiwa. Huyu ana mitatu, na hakuna hata mmoja unaotegemea mawingu. Asidhani mtu kwamba ni ugonjwa wetu peke yetu. Wachumi wawili, Jeffrey Liebman na Neale Mahoney, walichunguza manunuzi ya serikali kuu ya Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017: matumizi ya wiki ya mwisho ya mwaka wa fedha yalikuwa karibu mara tano ya wastani wa wiki nyingine, na miradi ya kompyuta iliyosainiwa wiki hiyo ilipimwa ikaonekana duni kuliko iliyosainiwa wakati mwingine. Wenzetu wanazo takwimu. Sisi tunayo barua.

Sasa niieleze kwa karibu ile iliyonifanya niwe mpenzi wake. Ilikuwa ya UPS, vile viboksi vya betri vinavyoishika kompyuta umeme unapokatika. Vilikuwa kumi, kwa shilingi 420,000 kimoja badala ya 525,000. Jumla kabla ya kodi 4,200,000. VAT ya asilimia 18 ni 756,000. Jumla kuu 4,956,000. Msomaji asiyekaa ofisini ataona bei tu. Mhasibu anaona ufundi. Mkuu wa idara kwenye kampuni yetu alikuwa na ruhusa ya kusaini manunuzi yasiyozidi milioni 5 bila kwenda kwa mkurugenzi wa fedha, na barua ikasimama shilingi 44,000 chini ya mstari. Sera ya kampuni ilisema kifaa cha kuanzia 500,000 kinaandikwa kwenye daftari la mali za kudumu na kinahitaji fungu lake la bajeti, ambalo lilikwisha Agosti. Kwa bei ya kawaida viboksi vile vingeangukia huko, kwa bei ya ofa vikawa "matumizi ya ofisi". Na kwa kuwa kampuni inarejeshewa VAT yake, kilichogusa kasma ni 4,200,000, na bakaa ya kasma ilikuwa 4,300,000. Mshona suti mwenye futi shingoni asingepima vizuri zaidi. Nani alimpa vipimo? Sijui, na afisa ugavi wetu naye alisema hajui, ingawa wiki ile alikuwa na kalenda mpya ya ukutani na kapu la zawadi lenye juisi, biskuti na mvinyo usio na kilevi.

Punguzo lenyewe pia linastahili neno. Nilichomoa profoma ya Mei ya mzabuni yuleyule kutoka kwenye faili. UPS ileile ilikuwa 415,000. Wenye roho mbaya watasema basi hakukuwa na punguzo. Mimi nasema bei ilipandishwa kwanza ili iwe na mahali pa kushukia, na kazi hiyo haifanyiki bila juhudi.

Lakini hayo yote ni mapambo. Ukuu wa barua umo katika sentensi moja karibu na mwisho: "Lipeni sasa, mzigo tutawatunzia bila malipo." Hapa inafaa nieleze, kwa sababu wengi wanaamini kwamba pesa ikitoka benki kabla ya tarehe 31 basi kasma imetumika. Haijatumika. Gharama inaingia kwenye vitabu unapopokea kitu au huduma, siku ya kulipa haijalishi. Ukilipa Desemba kwa mzigo wa Machi, vitabu vinasema una malipo ya awali: ni mali yako iliyolala kwa mzabuni, inakaa kwenye mizania, na kasma yako iko palepale na aibu yake. LPO nayo haitoshi. LPO ni ahadi.

Mzabuni anajua hilo kwa sababu yeye pia anafunga vitabu, na ana lengo la mauzo la kutimiza. Kanuni za kimataifa za hesabu haziruhusu kuhesabu kama mauzo mzigo ambao bado uko ghalani kwako, ila kwa masharti: mteja mwenyewe awe na sababu ya kweli ya kutaka utunzwe, mzigo uwe umetengwa na kujulikana kuwa ni wake, uwe tayari kuondoka muda wowote, na wewe usiweze kuutumia au kumpa mtu mwingine. Masharti yakitimia, mauzo ni halali kwake na ununuzi ni halali kwako. Basi nyuma ya barua kulikuwa na kiambatisho, kimechapwa tayari, kimebakiza nafasi ya saini na muhuri: "Sisi, wateja, kwa sababu ya ufinyu wa stoo yetu, tunaomba mtutunzie mzigo wetu." Ombi letu, kwa maneno yetu, kutoka kwenye kompyuta yake. Stoo yetu ilikuwa na nafasi ya kuchezea mdako. Nilikisoma kiambatisho kile mara mbili kwa heshima ambayo sijaipa hata mikataba ya mawakili.

Ikabaki hati ya kupokelea mizigo. Mtunza stoo aliisaini tarehe 30 Desemba, vipande kumi, hali nzuri. Risiti ya EFD ikatoka siku hiyohiyo, na hiyo ilikuwa ya kweli kabisa, maana mashine ile inachapa siku na saa yake na haisikilizi maombi. Mji ulikuwa umekwisha kuwa mtupu, nusu ya ofisi iko Moshi inakula sikukuu, na mkuu wa idara akaondoka na kasma iliyobaki 100,000. Hakuna aliyefurahi mwaka ule kuliko yeye.

Machi wakaja wakaguzi wa nje. Mkaguzi kijana, mpole, hakuuliza chochote kuhusu bei. Alifanya wanachofanya wote: akachukua hati chache za mwisho za Desemba na chache za kwanza za Januari aone kila kitu kimeangukia mwaka wake. Kisha akateremka getini, akaomba daftari la mlinzi la magari yanayoingia. Tarehe 29, 30 na 31 iliingia bajaji ya chakula na gari la maji taka. Akapanda stoo, ambako viboksi vilikuwa vimefika wiki mbili kabla, akageuza kimoja akasoma namba yake ya utambulisho. Katika aina ile ya UPS, tarakimu baada ya herufi za mwanzo hueleza mwaka na wiki ya kutengenezwa. Ilikuwa wiki ya pili ya Januari. Tulikuwa tumepokea, katika hali nzuri, vifaa ambavyo kiwanda kilikuwa hakijavianza.

Marekebisho yakafanyika: 4,200,000 ikatolewa kwenye gharama, ikaenda kwenye malipo ya awali, hoja ikaandikwa, menejimenti ikajibu kwamba imeipokea hoja. Hapa ndipo wapinzani wa barua hushangilia, na hapa ndipo wanaposhindwa. Bodi ilikuwa imepitisha bajeti ya mwaka mpya katikati ya Januari, kwa kutazama hesabu za awali ambazo zilionyesha idara ile imetumia karibu kasma yote. Ikaongezwa asilimia 8. Mkaguzi alifika miezi miwili baadaye, na bajeti iliyopitishwa hairudishwi kwa sababu ya viboksi kumi.

Viboksi vyenyewe vilikaa stoo hadi Septemba, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amevihitaji. Betri za risasi zilizofungwa hupungukiwa chaji zenyewe hata zikiwa ndani ya boksi, joto la stoo isiyo na feni linaziharakisha, na ndiyo sababu watengenezaji husema zichajiwe kila baada ya miezi sita hivi. Hatukuzichaji. Tulipoviwasha viboksi, vinne vililia mlio mmoja mrefu vikazima. Dhamana ilikuwa ya miezi 12 na ilianza kuhesabiwa tarehe ya ankara, kabla vifaa havijazaliwa. Miezi tisa ilikuwa imepita, na hata hivyo dhamana haikuhusu betri zilizoachwa bila chaji. Mzabuni alituletea profoma ya betri mpya siku ya pili, kwa upole uleule, na kasma ya kuzilipia ilikuwepo.