Fisi Anaingia, Fisi Aliingia

Riwaya yangu ina madaftari mawili, na nyumbani kwetu Bariadi kila daftari lina chama chake. La kwanza limeandikwa kwa -li-: baba alibeba pamba, alipunjwa, alinyamaza. La pili lina habari ile ile kwa -na-: baba anabeba, anapunjwa, ananyamaza. Mke wangu ni wa -li-, kwa sababu anasema mambo yaliyokwisha hayamnyimi mtu usingizi. Shangazi hajasoma hata ukurasa mmoja, lakini amesomewa yote mawili huku akikata viazi vya michembe, na hubadili chama kila jioni kutegemea makali ya kisu.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwaka 1987 mtoto wa miaka 9 anamsindikiza baba yake kwenye ghala la chama cha msingi kuuza pamba. Gunia lililopimwa nyumbani kwa mizani ya kuazima lilikuwa na kilo 70. Mizani ya ghalani inasema 64. Baba anapokea risiti, wanarudi nyumbani. Mtoto huyo ndiye anayesimulia.

Katika daftari la kwanza niliandika hivi: “Baba alilitundika gunia, akarudi nyuma. Karani akatazama, akaandika 64. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, ndipo nilipojua kwamba mizani ile haikuwa ikianzia kwenye sifuri.”

Katika daftari la pili: “Baba analitundika gunia. Linayumba. Karani halisubiri litulie, anaandika. Natazama viatu vya baba. Baba hasemi kitu.”

Linganisha kilichoingia na kilichotoka. Kwa -li- nina watu wawili ndani ya “mimi” mmoja: mtoto aliyesimama ghalani, na mtu mzima anayemkumbuka na kujua mengi kuliko yeye. Yule mkubwa ndiye aliyeleta habari ya sifuri. Ilikuwa habari nzuri, nami niliionea fahari, mpaka nilipogundua kwamba nilikuwa na haraka ya kuifikia kiasi kwamba sikulitazama gunia kabisa. Kwa -na- yule mkubwa amefukuzwa. Amebaki mtoto peke yake, hajui mizani ina hila gani, na kwa kuwa hawezi kueleza, inambidi aangalie. Ndipo gunia likaanza kuyumba. Ndipo viatu vya baba vikaonekana. Kwa hiyo wanaosema kwamba wakati uliopo humsogeza msomaji karibu na tukio wanasema kweli, ila wasidhani ukaribu huo unatokana na saa au kalenda. Unatokana na kumnyang'anya msimulizi anachokijua.

Na kunyang'anywa huko si mchezo. Bariadi ya mwaka 1987 ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Msimulizi wa -li- hupita hapo bila jasho: “siku hizo kabla hatujawa Simiyu”. Msimulizi wa -na- hana ruhusa hiyo. Yeye yuko mwaka 1987, na mkoa ambao haujazaliwa hawezi kuutaja. Sura nzima nilimwandika akisema “huku kwetu Shinyanga”, na mwalimu mwenzangu aliyeisoma akaja kunipa pole, akidhani nimehamishwa.

Nilipoamua kujaribu -na- kwa kitabu kizima, nilipeleka kazi kwa kijana wa duka la steshenari ambaye tayari alikuwa ameichapa rasimu ya -li- kwenye kompyuta. Nilimwambia abadilishe wakati uliopita uwe wakati uliopo. Akanitazama kwa huruma, kama fundi anayeombwa kukaza nati moja. Alibonyeza Ctrl+H, akaandika “li” juu na “na” chini, akabonyeza Replace All, akaniambia, “Tayari, mwalimu. Mia tano tu.”

Lazima nikiri kwamba sehemu nyingine zilitoka safi. “Alipofika” ikawa “anapofika”, “aliyekuja” ikawa “anayekuja”, na hata “alilala” ikatua salama kwenye “analala”. Lakini wilaya ya Itilima ilikuwa imegeuka Itinama. Mkulima alikuwa mkunama, akidai shinangi zake. Na msibani, pale nilipotegemea machozi ya wasomaji, mama mzazi wa marehemu ambaye kwanza alilia sasa alikuwa “ananaa”. Shangazi, nilipomsomea, aliacha kukata viazi akauliza kunaa ni ugonjwa gani.

Hayo ya kuchekesha yalisahihishika kwa jioni chache. Yaliyonitesa ni yale ambayo mashine iliyapita bila kuyagusa, au iliyagusa yakaonekana mazuri kumbe ni mabovu. Ukanushi wa wakati uliopita hauna -li-, kwa hiyo kila “hakusema” na “hakulala” vilibaki vimekaa zamani, katikati ya watu wanaotembea leo. Baba anakaa, anatazama chini, hakusema kitu. Hakusema lini? Jana? Tena “baba alikuwa mgonjwa” ilikuwa imegeuka “baba anakuwa mgonjwa”, kana kwamba anaugua kwa zamu. Hapo kinachotakiwa ni “baba ni mgonjwa” au “baba anaumwa”, na kompyuta haina habari.

Halafu kuna -ka-. Mwandishi wa Kiswahili anapoacha -li- hapotezi kiambishi kimoja, anapoteza viwili, maana -li- hufungua mlango tu, kisha anayetembea ni -ka-: alifika, akabisha, akaingia, akaketi. Kila -ka- inaning'inia kwenye ile iliyotangulia, na sikio linafuata mnyororo bila kuchoka. Katika -na- tupu mnyororo huo hukatika. Anafika, anabisha, anaingia, anaketi, ananywa maji: ukurasa wa tatu tu, na baba yangu mwenye huzuni anasikika kama winga wa Yanga anayetangazwa redioni. Dawa niliyoipata ni kupunguza vitenzi, kutumia -ki- na “huku”, na kuacha -me- ifanye kazi yake. -me- ndani ya -na- ni kitu kitamu. “Nafika nyumbani, ng'ombe wameondoka.” Msimulizi amechelewa kidogo, tukio limemponyoka, limebaki zizi. Kwa -li- ningelazimika kusema “ng'ombe walikuwa wameshaondoka”, maneno matatu yanayokokota mguu, na msomaji anafika zizini nyuma yangu badala ya kufika pamoja nami.

Nilitaka kupima kwa masikio ya watu. Jioni moja nilikaa uani nikasoma kwa sauti sura ya nne kutoka daftari la pili. Nilipofika “Fisi anaingia zizini!” nilipandisha sauti kidogo, kwa ajili ya sanaa. Jirani yetu alitokea uani na rungu na tochi, akiwa na kiatu mguu mmoja. Kesho yake nikasoma sura ile ile kwa -li-: “Fisi aliingia zizini!” Safari hii jirani hakutoka. Aliuliza tu kutoka kwake, juu ya wigo, “Mlimuua?”

Nimesoma vitabu kadhaa vya nadharia ya fasihi na hakuna kilichonieleza jambo hili vizuri kuliko wigo ule. Anayesikia -na- anatafuta rungu. Anayesikia -li- anatafuta mwisho, kwa kuwa anajua upo, na kwamba anayesimulia aliokoka mpaka akaufikia. Ndiyo maana Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974, humtikisa msomaji: Kazimoto anatusimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, nasi tunamfuata tukiamini kwamba anayesimulia yu salama, kumbe kitabu kinaishia kwa yeye kujiua. Ile dhamana ya “nili-” imevunjwa mkononi mwetu. Nami nilijiuliza kama msimulizi wangu anastahili dhamana. Nikaona anastahili. Ni mtoto aliyekua, akaajiriwa, akajua habari ya sifuri. Kumnyima utu uzima kwa kurasa 200 ni kumdhulumu mara ya pili baada ya karani.

Lakini gunia linaloyumba sikutaka kulipoteza pia. Charles Dickens katika Bleak House, iliyotoka kati ya mwaka 1852 na 1853, aligawa kazi: msimulizi asiye na jina anasema kwa wakati uliopo, na Esther anasimulia zake kwa wakati uliopita. Nilifikiri kumwiga, sura kwa sura. Jirani akanionyesha njia fupi zaidi, bila kukusudia. Asubuhi baada ya kisa cha fisi nilimkuta kijiweni akikisimulia kwenye kahawa: “Nilikuwa nimejilalia zangu. Nikasikia kelele. Nikachukua rungu. Natoka hivi, namulika, naona nini? Mwalimu kashika daftari!” Watu wakavunjika mbavu kwa gharama yangu, lakini mimi nilikuwa nahesabu viambishi. -li- ya kuketisha watu, -ka- ya kuwatembeza, kisha, pale tochi inapowaka, -na-. Sekunde chache tu. Baada ya hapo alirudi kwenye -ka- kama vile hakuna kilichotokea: “Nikamwambia, mwalimu, kalale.”

Shule tulifundishwa kwamba kuchanganya nyakati ni kosa, na wanafunzi wangu mwenyewe nimewakata alama kwa hilo. Kosa lipo pale mchanganyiko unapotokea bila mtu kuuamua, kama ule wa “hakusema” wa dukani. Kijiweni -na- hutokea jicho linapokutana na kitu, na haikai zaidi ya pale. Kwa hiyo rasimu ya tatu ni ya -li- na -ka- toka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa sehemu tatu: fisi, msiba, na mizani. Kwenye mizani nilianza na “Nikamfuata baba ndani ya ghala”, aya mpya, kisha “Gunia linayumba”. Sifuri nikaihamishia sura ya mwisho, ikamsubiri mtu mzima huko.

Nikaisoma uani, mbele ya shangazi, jirani wa rungu, na mzee mmoja wa mtaa wa pili aliyewahi kuwa karani wa pamba miaka hiyo. Huyo mzee alikuwa amesikia sura hii zamani, kwa -li-, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema watu wa siku hizo walikuwa na roho mbaya. Safari hii nilipofika kwenye ndoano alikuwa anakoroga chai. Nikasoma: Linayumba. Karani halisubiri litulie, anaandika 64.

Mzee aliweka kikombe chini.

“Sijaandika mimi,” akasema. “Na hiyo mizani tuliletewa hivyo hivyo.”

Shangazi akamgeukia, kisu mkononi, akamuuliza kwa heshima zote, “Shikamoo mzee. Zile kilo sita zilienda wapi?”