Kwa Heshima ya Maswali Manne Chini ya Tangazo

Katika safari nzima ya kuomba kazi hakuna kitu kinachodharauliwa kama ule mstari wa mwisho wa tangazo: "Majibu ya maswali haya yaandikwe ndani ya barua pepe yenyewe, si kwenye kiambatisho." Mwombaji kahangaika na wasifu wake siku tatu, kaazima koti la kupigia picha, kaskani vyeti steshenari kuanzia cha darasa la saba, na barua ya maombi kaipamba kwa "mchapakazi" na "mwenye kujituma". Halafu anatokea mtu asiyemjua na kumwuliza kama ana leseni ya pikipiki. Ni sawa na bibi harusi aliyepakwa hina hadi viwikoni, akifika mlangoni anaulizwa kama amekula. Hata hivyo nasimama upande wa muulizaji, na utani wangu ni mdogo tu: katika furushi lote la maombi, yale majibu mafupi ndiyo maandishi bora, kwa sababu ndiyo pekee ambayo mwombaji hawezi kuyaazima.

Tazama vilivyobaki. Barua ya maombi iliandikwa na mtu fulani zamani, na tangu hapo inahama simu kwa simu ikibadilishwa jina la mwajiri, na mara nyingine hata hilo halibadilishwi. Mpokeaji analijua hilo. Akifungua kisanduku chake asubuhi haanzi kupakua viambatisho, maana kila kimoja kinakula bando na dakika, na jina lake ni "CV mpya ya mwisho 2.pdf". Anachokiona bila jasho ni maneno yaliyomo kwenye barua pepe. Hapo hukuta moja kati ya mawili. Ama ni "Habari za kazi, natumaini mu wazima, tafadhali pokeeni viambatisho", salamu nzuri isiyojibu chochote. Ama ni namba moja hadi nne, kila namba na jibu lake. Hayo ya pili anayahamishia kwenye jedwali lake, mstari kwa kila mwombaji na safu kwa kila swali. Ile salamu inaacha vyumba vinne vitupu, na chumba kitupu kwenye jedwali huonekana upesi kama pengo la jino la mbele.

Chukua tangazo la kawaida kabisa: anatafutwa afisa ugani wa mpunga wilayani Mvomero. Swali la kwanza: una leseni ya pikipiki, daraja A, iliyo hai? Mwombaji mwenye maneno yake hujibu kwamba ana uzoefu mkubwa wa vyombo vya moto. Jibu linalostahili sifa ni hili: "1. Ndiyo. Daraja A, inaisha Novemba 2027." Limeanza na ndiyo kwa sababu anayechuja anatafuta ndiyo au hapana, na tarehe imemwondolea shaka ya pili kabla hajaipata. Swali la pili: umefanya kazi na vikundi vya wakulima kwa muda gani? Wasifu unasema "Afisa Mradi, 2019 hadi 2023", miaka minne ya kupendeza. Lakini swali limeuliza vikundi, na katika miaka hiyo minne, miwili ilikwenda ghalani kuhesabu magunia. Basi inabidi kuandika: "2. Miaka miwili, 2021 hadi 2023, vikundi 14 vya mpunga." Muda umepungua nusu, ila sasa kuna wakulima ndani yake. Anayesema kwamba majibu yote tayari yamo kwenye wasifu ajaribu kuyatoa humo mwenyewe, aone kama ile miaka miwili ya ghalani itajitokeza.

Swali la tatu ndilo linalotukanwa kuliko yote: unatarajia mshahara kiasi gani? Wengi hujibu "tutaelewana", jibu la kiungwana lenye thamani ya kunyamaza. Wengine huandika "1,200,000" peke yake, na hao wako hatarini zaidi, kwani hawajasema kama ni kabla ya makato au ni ya kwenda nayo nyumbani. Tufanye hesabu kwa viwango vya kodi ya mishahara vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021. Ukilipwa 1,200,000 kabla ya makato, asilimia 10 inakwenda mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 120,000. Inayobaki, 1,080,000, ndiyo inayotozwa kodi: 128,000 kwa ile milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya zile 80,000 za juu yake, ambayo ni 24,000. Jumla ya kodi ni 152,000. Mkononi unabaki na 928,000, na kama unadaiwa mkopo wa elimu ya juu, bado hujafika mwisho wa makato. Kinyume chake, anayetaka 1,200,000 itue mkononi anapaswa kuomba kama 1,632,000. Tofauti ya zaidi ya laki nne kila mwezi inakaa ndani ya maneno matatu, "kabla ya makato". Nani mwingine katika mchakato huu atamlazimisha mtu kupiga hesabu hiyo kabla ya kusaini mkataba?

La nne, utaanza lini, halina mbwembwe. "Mara moja" ni jibu la asiye na kazi. Mwenye kazi ya mshahara wa mwezi anadaiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 notisi isiyopungua siku 28. Akiitoa tarehe 3 Machi, siku hizo zinaisha tarehe 31, na jibu sahihi ni 1 Aprili. Asitegemee likizo aliyobakiza kuifupisha, kwa kuwa sheria hiyo hairuhusu notisi na likizo kwenda pamoja.

Watetezi wa waombaji wana hoja moja nzito, nayo ni kwamba swali la mshahara linampa mwajiri silaha: atajaye bei kwanza hupunjwa. Hapa utetezi wangu unachechemea, nakiri. Ila mshahara unaoutarajia na mshahara unaolipwa sasa ni mambo mawili, na ukiulizwa la kwanza huna sababu ya kujitolea kulieleza la pili. Unaweza pia kutaja kiwango ambacho chini yake huji, na mwajiri asiyekifikia akakuokolea nauli ya Morogoro. Hoja nyingine ni kwamba mwongo naye ataandika "Ndiyo". Kweli ataandika, lakini ataiandika kwa jina lake, kwenye barua yenye tarehe na saa, na kwenye chumba cha usaili atamkuta mtu ameichapisha na kuiweka mezani karibu na chupa ya maji. Wasifu una njia nyingi za kupindapinda, "Ndiyo. Daraja A" haina hata moja.

Kwa hiyo mwombaji, ukifika kwenye ule mstari wa mwisho usinune. Nakili swali pamoja na namba yake, andika jibu chini yake kwa maandishi ya kawaida yasiyo na jedwali, maana jedwali lililotoka kwenye kompyuta hufika kwenye simu ya mpokeaji limevunjika viungo. Salamu iwe sentensi moja. Na kwenye la tatu, usisahau kuandika "kabla ya makato".