Mtoto Ameguna, Nyumba Nzima Imesimama

Jumatatu

Saa saba usiku mtoto aliguna. Mke wangu akaketi kitandani, mimi nikawasha taa ya sola, na mama mkwe, aliyekuja kutoka Ngao kutusaidia kulala na ambaye mwenyewe halali, akaingia tayari amejifunga leso. Tukainua neti. Mtoto, ambaye kumbe alikuwa usingizini, akafumbua macho, akakuta watu wazima watatu wamemwinamia na taa, akalia. Alilia hadi saa nane na nusu. Mbu walioona neti imeinuliwa hawakungoja kukaribishwa.

Jumanne

Shuleni niliandika hesabu ileile ya kugawanya mara mbili ubaoni. Wanafunzi waliifanya mara mbili bila kulalamika. Wengi walipata majibu mawili.

Usiku mtoto aliguna tena. Mke wangu alimnyakua hata guno halijaisha, akampa titi. Akanyonya kidogo, kama mgeni anayeonja chai kwa heshima ya mwenyeji, akasinzia. Alipolazwa aliamka, akalia. Alipobebwa akanyamaza, alipolazwa akalia. Mama mkwe akasema mtoto halii bure. Mimi nikasema hapo kwanza alikuwa halii, alikuwa anaguna. Mama mkwe akanitazama kwa upole ambao watu wa Garsen huuweka kwa ajili ya wageni wanaoulizia daladala.

Jumatano

Siku ya mizani kliniki. Mtoto alizaliwa na kilo 3.1, na sasa, wiki yake ya tatu, ana 3.5. Nesi akaandika kwenye kijitabu cha mama na mtoto, akatuuliza sisi tuna nini, maana tulionekana ndio wagonjwa. Mke wangu akaeleza kwamba mtoto huamka usiku kucha.

“Akiguna, macho huwa yamefumbuka ama yamefumba?” nesi akauliza.

Tukatazamana. Hakuna aliyewahi kuangalia. Mama mkwe akasema lazima yalikuwa yamefumbuka, kwa sababu taa ilikuwa usoni pake.

Basi nesi akatueleza, huku mstari wa akina mama nyuma yetu ukizidi kurefuka na wote wakisikiliza. Usingizi wa mtoto mchanga hauko kama wetu. Karibu nusu yake ni usingizi wa kuhangaika: mboni zinacheza chini ya kope, uso unakunjwa na kukunjuliwa, mikono inashtuka, pumzi zinakwenda mbio kisha zinatulia, na sauti zinatoka. Anaguna, anakoroma, anatoa hata kilio kimoja kifupi, na muda wote huo amelala. Nusu nyingine ni usingizi mzito, ambapo hatikisiki na anapumua kwa mpangilio. Kutoka mwanzo wa usingizi wa kuhangaika mpaka mwisho wa ule mzito ni kama dakika 50 hadi 60, kisha duru inaanza upya. Katika mpito huo hujipindua na kuguna sana, na asiposumbuliwa mara nyingi huvuka mwenyewe.

“Nyinyi mnamkuta katikati ya daraja, mnamvuta mkono,” akasema.

Kisha akaongeza jambo lililoeleza mateso ya Jumanne. Mtu mzima akisinzia huanza na usingizi mtulivu, lakini mtoto wa umri huu huanzia kwenye ule wa kuhangaika. Ukimlaza mara tu kope zinapofunga, umemlaza akiwa katika usingizi mwepesi kabisa, na godoro linamwamsha. Ngoja mpaka pumzi zilingane na mkono ukiuinua uanguke wenyewe, ndipo umlaze, chali.

Mama mkwe akauliza, kwa hiyo tumwache alie? Nesi akasema hapana, na akasema kwa sauti iliyofika hadi nje. Mtoto wa umri huu haachwi kulia. Kinachongojewa ni guno, si kilio, na hata guno hungojewa dakika moja au mbili tu, mtu akiwa pale pale anatazama. Na ruhusa hiyo ni kwa sababu mizani imesema vizuri. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye manjano, au ambaye bado hajarudia uzito wa kuzaliwa, huyo huamshwa anyonye hata akiwa amelala fofofo.

Mama mmoja kwenye mstari akasema wake haguni kabisa. Wenzake wakamsogelea, wakamuuliza anampa nini.

Alhamisi

Tulijipanga. Mke wangu upande wa mtoto, mimi upande wa ukuta, taa imezimwa, mama mkwe chumbani kwake kwa ahadi.

Mvua imenyesha na vyura wa bondeni wana mkutano. Saa sita na robo mtoto akaguna. Nikakaa juu ya mikono yangu. Akaguna tena, akajinyoosha mpaka nepi ikalia, akatoa kilio kimoja, “nge!”, kisha kimya. Mke wangu akamulika simu ukutani, si usoni. Macho yamefumba, mboni zinakimbia, mdomo unatabasamu kisha unanuna. Pumzi mbili, guno, pumzi tatu, kimya. Mlango wa mama mkwe ukalia kidogo, ukanyamaza. Baada ya muda, ambao saa yangu ilidai ni dakika moja, mtoto akashusha pumzi na mikono ikalegea.

Hakuna aliyelala. Tulikaa macho tukisikiliza mafanikio yetu.

Saa nane na nusu akaanza tena, na sasa nilisikia tofauti bila taa. Guno la usingizi halina mpango: linatoka, linapotea, linatoka kwingine. Hili lilikuwa na hatua. Sauti, pumzi, sauti, pumzi, na kila sauti ndefu kuliko ile iliyotangulia. Mke wangu akamulika ukuta. Macho wazi, kichwa kinageuka huku na huku, mdomo unatafuta, ngumi imeshafika midomoni. Hapo hapakuwa na cha kungoja. Nesi alikuwa ametuambia kilio ni dalili ya njaa iliyochelewa. Kutafuta kwa mdomo na kula ngumi ndizo za mwanzo, na mtoto akishafika mahali pa kupiga kelele, ulimi umeinuka, hawezi kushika titi vizuri mpaka atulizwe kwanza. Alinyonya mpaka akalegea. Tukangoja pumzi zilingane. Mkono ukaanguka. Akalazwa.

Mama mkwe akauliza kupitia ukutani kama sasa anaruhusiwa kuja.

Ijumaa

Alasiri mtoto alilala nasi tukamtazama, kwa kuwa sasa tumekuwa watu wa kutazama. Akapumua haraka haraka, halafu akaacha. Mimi nikaacha pia. Zikapita kama sekunde tano, akaendelea kama si yeye.

Mama mkwe akaamua pumzi zihesabiwe. Nikainua fulana ya mtoto, nikaweka simu karibu. Mara ya kwanza nilifika thelathini na kitu, mbuzi wa jirani akaingia jikoni. Mara ya pili mtoto alipiga chafya na hatukukubaliana kama inahesabiwa. Mara ya tatu nilimaliza dakika nzima: 46.

Nesi alikuwa amesema zihesabiwe dakika kamili, si nusu ukazidisha mara mbili, kwa sababu pumzi za mtoto mchanga huenda mbio na kusimama, na nusu dakika inaweza kuangukia upande wowote. Zikifika 60 au zaidi, rudia kuhesabu akiwa ametulia, na zikibaki hapo, nenda hospitali. Kuna na guno lisilongojewa hata dakika moja. Ni lile linalotoka kila anapotoa pumzi, moja baada ya jingine, halikatiki, halibadiliki akilala wala akiamka. Ukilisikia hilo, tazama kifua: kama sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila akivuta hewa, au tundu za pua zinapanuka, mtoto huyo anapigania pumzi. Vivyo hivyo joto likifika 37.5, au mwili ukiwa baridi na mlegevu, au akikataa titi kabisa, au akishikwa na degedege. Hapo hutafutwa gari, usiku ule ule.

Mama mkwe alisikiliza yote hayo upya kutoka kwangu, kisha akasema yeye angejua kwa kumtazama tu mtoto. Naamini. Amelea saba. Lakini nilitoa rai kwamba yeye haishi nasi siku zote, na hiyo ikachukuliwa vibaya kuliko nilivyokusudia.

Jumamosi

Mtoto aliguna tangu adhana ya alfajiri, uso mwekundu, magoti tumboni, akisukuma kama anahamisha kabati. Mama mkwe akaomba pesa ya dawa ya tumbo. Mke wangu akampigia nesi, akaambiwa hapo dawa haihitajiki wala maji hayapewi, ni maziwa ya mama pekee mpaka miezi sita. Mtoto anasukuma kwa tumbo lakini bado hajajua kulegeza huku chini kwa wakati mmoja, na choo kikitoka laini, hajafunga.

Kikatoka laini. Kilitoka wakati nepi imefunguliwa ili kuona kama kimetoka. Shati langu la kuvaa kwenye kikao cha wazazi limelowekwa.

Jumapili

Mama mkwe amerudi Ngao kwa pikipiki, na maembe kwenye mfuko, na ameacha maagizo. La mwisho lilikuwa kwamba nisimkalie mtoto nikihesabu kama mwizi wa mabati.

Usiku ulienda vizuri mno. Saa tano aliguna, tukatazama, macho yamefumba, akavuka. Saa saba alitafuta kwa mdomo, akanyonya, tukangoja mkono uanguke, akalala. Saa tisa aliguna mfululizo mrefu, na kilio kimoja katikati, na mke wangu akaweka kiganja kifuani pake bila kumwinua, akamtazama, akatoa mkono. Kikaja kimya cha usingizi mzito. Nilikuwa nimeanza kuota.

Saa kumi kasoro simu yangu ikaita kwa mlio wote.

“Mwalimu,” mama mkwe akasema, “nimeshtuka usingizini. Anaguna?”

Nikamulika ukuta. Macho yalikuwa wazi, yote mawili, na mdomo ulikuwa unafunguka taratibu.

“Hapana, mama,” nikamwambia. “Sasa analia.”

Akasema alijua tu.